Kidole Kinachoganda Asubuhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kwenye chumba cha fiziotherapia hapa Tanga. Wanaouliza wengi ni mafundi cherehani, wasukaji wa mikeka, wavuvi, madereva wa bodaboda na akina mama wanaokuna nazi kila siku. Huanza kwa namna moja: mtu anakaa, ananyoosha mkono wa kulia juu ya meza, anakunja ngumi, kisha anatumia mkono wa kushoto kuchomoa kidole kimoja kilichobaki ndani. Kinatoka kwa kishindo, "ta!", naye anafumba macho kwa maumivu. Hospitali utasikia wakiuita ugonjwa huu triga finga.

MAMBO YA MWANZO

Kidole changu kinaganda kila nikiamka. Kwa nini?

Misuli inayokunja vidole haipo kwenye vidole. Ipo kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, na inavuta vidole kwa kano ndefu mfano wa kamba. Kila kano hupita ndani ya ala nyembamba, na ala hiyo imeshikwa kwenye mfupa kwa vijipete vigumu. Anayejua jahazi ataelewa haraka: kamba ya tanga hupita kwenye kapi, na kapi likiwa zima kamba inateleza bila kelele. Kijipete cha kwanza kabisa, kilicho kiganjani kwenye shina la kidole, ndicho kapi tunalolizungumzia hapa.

Kapi hilo likinenepa, tundu lake linakuwa dogo. Kano nayo, kwa kusuguliwa kila siku, inafanya kivimbe. Sasa una kamba yenye fundo na kapi lililobana. Ukikunja kidole, fundo linapita kwa sababu misuli ya kukunja ina nguvu. Ukitaka kunyoosha, fundo linagota upande wa pili, kwa kuwa misuli ya kunyoosha ni dhaifu zaidi. Ndipo kidole kinaganda, na ukikilazimisha kinafyatuka.

Mbona kinafanya hivyo asubuhi, halafu mchana kinatulia?

Usiku tunalala vidole vimejikunja, na kano hazitembei kwa saa nyingi. Majimaji ya mwili yanatulia kwenye ala, kila kitu kinavimba kidogo, na fundo linakuwa limekaa upande usiotakiwa wa kapi. Ukiamka na kuutumia mkono, uvimbe unapungua na kano inalainika. Kwa wengi ikifika saa 3 au saa 4 asubuhi kidole kinafanya kazi, na ndiyo sababu wanachelewa kutafuta matibabu. Wanadhani kimepona, kesho yake wanaanza upya.

Maelezo haya ndiyo yanayofanya banzi la usiku liwe tiba. Tazama sehemu ya mabanzi.

Maumivu nayasikia kwenye kiungo cha katikati ya kidole. Kwa nini unanibonyeza kiganjani?

Hili ndilo jambo ninaloomba watu walishike kuliko mengine yote. Kishindo unakisikia kwenye kiungo cha kati kwa sababu hicho ndicho kinachojikunja na kukunjuka ghafla. Ugonjwa wenyewe upo chini zaidi, kiganjani, penye kapi. Nimeona wagonjwa waliochua kiungo cha kati kwa mafuta ya karafuu na kukivuta miezi 6 mizima, kiungo kimevimba kwa kuchuliwa, na pale penye ugonjwa hapajaguswa hata siku moja.

Jipime hivi. Geuza kiganja juu. Kwa kidole cha pete na cha mwisho, weka ncha ya kidole cha mkono mwingine kwenye mstari wa kiganja ulio karibu zaidi na vidole, sambamba na kidole kinachouma. Kwa kidole cha shahada, rudi kwenye mstari unaofuata kuelekea kifundo cha mkono. Cha kati kipo baina ya mistari hiyo miwili. Kwa gumba, bonyeza kwenye mkunjo wa shina lake. Bonyeza taratibu, kisha kunja na kunyoosha kidole kigonjwa. Ukisikia kitu kama punje ya choroko kinapita chini ya ncha yako, na hapo ndipo panapouma, umelipata kapi.

Ni baridi yabisi?

Mara nyingi hapana. Baridi yabisi inakaa kwenye kiungo chenyewe, na huyu anayekwama ni kano. Lakini baridi yabisi ya kweli, ile inayovimbisha viungo vingi vya mikono yote miwili kwa pamoja, inaweza kuleta kidole cha kuganda pia, na matibabu yake yana tofauti moja kubwa nitakayoitaja mwishoni.

Nani hupata zaidi?

Wanawake kuliko wanaume, na zaidi kati ya miaka 40 na 60. Gumba na kidole cha pete ndivyo vinavyoongoza. Kazi za kushika kwa nguvu muda mrefu zinachochea, ingawa wapo wanaoupata bila kazi yoyote nzito. Wenye kisukari wanaupata mara kadhaa zaidi ya wengine, tena mara nyingi kwenye vidole viwili vitatu. Kwa hiyo mtu mzima akija na vidole viwili vinavyoganda na hajawahi kupima sukari, namwambia apime wiki hiyohiyo. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingo nao huambatana na tatizo hili.

Mbona sikupigwa eksirei?

Kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa, na hapa mfupa hauna neno. Ugonjwa unajulikana kwa kusikiliza, kubonyeza na kutazama kidole kikifyatuka. Picha inahitajika kama uliumia, au kama kiungo chenyewe kinaonekana kuharibika.

KUJUA UMEFIKA WAPI

Nitajuaje kama tatizo langu ni dogo au kubwa?

Tunaangalia kitu kimoja: kidole kinanyooka kwa nguvu za nani. Mwanzo kabisa kuna maumivu tu pale kiganjani, pengine na kukwaruza, lakini hakigandi mbele ya mganga. Hatua inayofuata kinakwama, ila mwenyewe unakinyoosha bila msaada. Ya tatu ni ile ya kutumia mkono wa pili kukifungua. Ya mwisho kidole kimekunjika na hata mkono wa pili haukinyooshi chote.

Mtu wa hatua mbili za mwanzo ana nafasi nzuri ya kupona kwa banzi na kupunguza kazi. Wa hatua ya tatu mara nyingi atahitaji sindano. Wa hatua ya mwisho asikae nyumbani akisubiri, kwa sababu kiungo cha kati kikibaki kimekunjika majuma mengi, ngozi na nyama za mbele yake zinajikaza, na hata kapi likifunguliwa kidole hakirudi kunyooka chote.

Kimeganda sasa hivi na hakifunguki. Nifanye nini?

Usikivute kwa ghafla. Tia mkono kwenye maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, dakika 5 hadi 10. Ukiwa bado ndani ya maji, kunja vidole vingine vyote pamoja na kile kilichoganda, kwa sababu kukikunja zaidi kidogo kunalegeza fundo. Kisha kisukume kutoka kwenye shina, polepole, mpaka kinyooke. Kama una kisukari na miguu au mikono yako imepungua hisia, mwambie mtu mwingine apime maji kwanza. Nimeshaona malengelenge ya kuungua kwa mtu aliyekuwa anajitibu kidole.

Kikikataa kabisa, nenda kituo cha afya ndani ya siku chache.

Lini niende hospitali siku hiyohiyo?

Kidole kizima kikivimba kama ndizi mzuzu, kikawa cha moto, kikauma kwa urefu wake wote upande wa kiganja, na kukinyoosha kidogo tu kukakufanya upige kelele, hiyo ni usaha ndani ya ala ya kano. Usisubiri asubuhi. Hapa kwetu huanza na mwiba wa samaki, kidonda cha kisu jikoni au kijiti cha mkonge kilichochoma. Mwenye kisukari awe mwangalifu mara mbili: madaktari wa Dar es Salaam wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wa sukari walioanza na jeraha dogo la mkononi, wakachelewa, wakaishia kukatwa kidole au mkono.

Kidole cha kuganda hakileti homa, na hakivimbi chote.

MABANZI

Banzi linasaidiaje?

Linazuia kidole kisikunjike chote, hivyo lile fundo halipiti kwenye kapi na halisuguliwi. Likivaliwa usiku, linakizuia kidole kisilale kimekunjwa, na maudhi ya asubuhi ndiyo ya kwanza kupungua.

Banzi lishike kiungo kipi?

Kiungo cha shina, pale kidole kinapoungana na kiganja. Kiwe kimenyooka au kimekunjwa kidogo sana. Viungo viwili vya mbele viachwe huru vitembee. Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika: mtu anafunga ncha ya kidole kwa plasta, kiungo cha shina kinaendelea kujikunja kama kawaida, kisha anasema banzi halimsaidii.

Lililo bora ni la plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto na kuumbwa juu ya mkono wako, kama unaweza kulipata kwenye idara ya fiziotherapia. Lipo pia la bati jepesi lenye sponji. Usipopata hata moja, kuna njia ya pili ambayo si mbaya kwa usiku: nyoosha kiungo cha kati kwa kijiti bapa cha aiskrimu kilichofungwa bandeji laini, upande wa kiganja. Kidole kisichoweza kukunja kiungo cha kati hakiwezi kufanya ngumi, na fundo halipiti. Ukifunga, tazama ncha ya kidole baada ya dakika 10. Ikipauka, ikiwa ya baridi au ikifa ganzi, umekaza mno.

Nivae kwa muda gani?

Wiki 6, kila usiku bila kuruka. Mchana vaa wakati wa kazi za kushika, kama kazi inaruhusu. Asubuhi na jioni livue, kunja na nyoosha kidole taratibu mara 10 ili kiungo kisikakamae. Tunaangalia matokeo wiki ya 3 na tena wiki ya 6, na palipo na nafuu inayoendelea tunaongeza hadi wiki 10.

Nisikufiche: banzi linamfaa zaidi mtu ambaye tatizo halijafika miezi 6 na ambaye bado anakinyoosha kidole mwenyewe. Gumba halisikii banzi vizuri kama vidole vingine. Ukifika wiki ya 6 na kidole bado kinahitaji mkono wa pili kila asubuhi, hakuna faida ya kuendelea.

Kazi yangu siwezi kuiacha. Nibadilishe nini?

Nenepesha unachokishika. Mpini mwembamba unataka ngumi iliyofungwa sana, na ngumi iliyofungwa sana ndiyo inayolisukuma fundo kwenye kapi. Zungushia kipande cha mpira wa baiskeli kwenye mkono wa mkasi, kwenye mpini wa kisu au wa nyundo. Kwenye mbuzi ya kukunia nazi, tatizo ni kile kifuu kinachobanwa na vidole vyote: kishike kwa kiganja, zungusha kwa kifundo cha mkono, na upumzike kila nazi moja badala ya kukuna tano mfululizo. Dereva wa bodaboda alegeze kebo ya klachi na asipande akiwa ameshika breki kwa vidole viwili safari nzima.

Nikivute na kukichua?

Kukifyatua makusudi mara kwa mara, kama wafanyavyo wengi ili kuona kama kimepona, ni kulisugua fundo tena. Acha. Kuchua kiganjani kwa upole hakudhuru, ila usibonyeze kwa nguvu penye kivimbe. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni hupunguza uchungu lakini havipanui kapi. Mwenye shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au figo asivinywe bila kuuliza.

SINDANO

Sindano hiyo ni ya nini?

Ni dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza uvimbe, kwa kawaida triamsinoloni au methilipredinisoloni, iliyochanganywa na ganzi kidogo. Dawa yote kwa pamoja haifiki mililita moja na nusu. Inawekwa kwenye ala au kando yake tu, penye kapi. Haiingizwi ndani ya kano.

Inachomwaje, na inauma?

Unaweka mkono kiganja juu, panasafishwa, daktari anatafuta kile kivimbe kwa kidole chake. Anaingiza sindano nyembamba, halafu pengine atakuambia utingishe ncha ya kidole kidogo. Sindano ikitingishika pamoja na kidole, imegusa kano, naye anairudisha nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa. Dawa ikigoma kuingia hapaswi kuilazimisha.

Inauma, ndiyo. Ngozi ya kiganja ina hisia nyingi. Uchungu unadumu sekunde chache, kisha kidole kinakufa ganzi kwa saa kadhaa. Usiku wa kwanza na wa pili baadhi ya watu wanaumwa zaidi kuliko kabla. Barafu iliyofungwa kitambaani inatosha.

Itafanya kazi lini?

Si kesho. Maumivu hutangulia kupungua ndani ya wiki moja au mbili, kuganda kunafuata, na wengine husubiri hadi wiki ya 6. Watu wengi kuliko nusu hupata nafuu kwa sindano moja. Wenye kisukari, wenye vidole kadhaa na waliokaa muda mrefu na tatizo hupata nafuu mara chache zaidi. Pia linaweza kurudi baada ya miezi au mwaka.

Nimesikia inafanya ngozi iwe nyeupe.

Ni kweli hutokea, na kwa ngozi yetu nyeusi huonekana zaidi. Dawa ikivuja chini ya ngozi inaweza kuacha baka jeupe au kibonyeo ambapo mafuta yamepungua. Kwa kawaida hufifia kwa miezi kadhaa, pengine hadi mwaka. Kwenye kiganja haionekani sana kama ingekuwa mgongo wa mkono, lakini una haki ya kuambiwa kabla ya kuchomwa. Kano kukatika kwa ajili ya sindano ni nadra mno, na usaha vilevile.

Nina kisukari. Nichome?

Unaweza, ila jiandae. Sukari itapanda, zaidi siku ya kwanza na ya pili, na kwa kawaida inarudi ilipokuwa ndani ya wiki moja. Pima asubuhi kabla ya kula na jioni kwa siku 7, uandike. Anayetumia insulini azungumze na daktari wake kabla ya siku ya sindano, asisubiri ipande. Ukiona inavuka milimoli 15 kwa lita na una kiu na mikojo ya mara kwa mara, rudi kliniki. Kama sukari yako tayari ipo juu sana, ishushe kwanza; kidole kinaweza kungoja wiki mbili kwa banzi.

Naweza kuchomwa mara ngapi?

Kidole kimoja, mara mbili, kwa nadra tatu, na kati ya moja na nyingine ipite angalau miezi miwili au mitatu. Kama ya kwanza haikuleta nafuu hata kidogo, ya pili nayo huwa na matumaini madogo. Mtu akikuchoma kila mwezi kwa sababu umelipa, kataa.

UPASUAJI

Upasuaji unafikiriwa lini?

Pale sindano moja au mbili zimeshindwa, au zimesaidia kisha tatizo likarudi. Pale kidole kimekunjika hakinyooki. Na pale mtu mwenyewe, baada ya kuelezwa yote, anaona hawezi kupoteza miezi mingine. Hakuna tarehe ya mwisho inayokulazimisha, isipokuwa kwa yule wa hatua ya mwisho niliyemtaja juu.

Jambo moja la kupanga: ukishachomwa sindano ya steroidi, wapasuaji wengi hupenda ipite miezi 3 hivi kabla ya kukata, kwa sababu hatari ya jeraha kuingia usaha ni kubwa zaidi mapema. Kwa hiyo usichome sindano "ya kusogeza siku" wakati tarehe ya upasuaji imeshapangwa.

Wanafanya nini hasa?

Wanakata lile kapi kwa urefu wake ili lifunguke. Basi. Kano haikatwi, wala kivimbe hakihitaji kuondolewa. Ni kazi ya ganzi ya pale pale: upo macho, unaongea, na jeraha ni la sentimita moja hadi moja na nusu kiganjani. Kapi likishafunguliwa, daktari anakwambia ukunje na unyooshe kidole pale pale mezani, na nyote mnaona kama bado kinagota. Yote huchukua chini ya nusu saa, na unarudi nyumbani siku hiyo.

Yapo makapi mengine mbele kwenye kidole, na hayo hayaguswi, kwa sababu yakikatwa kano inainuka kutoka kwenye mfupa kama uzi wa upinde na ngumi inapoteza nguvu. Kapi la kwanza likikosekana, hutaona upungufu.

Wapo wanaofungua kwa ncha ya sindano nene bila kuchana ngozi. Kwa mikono yenye uzoefu matokeo ni mazuri. Gumba linahitaji tahadhari, kwani mshipa wake wa fahamu unapita karibu sana na kapi.

Hatari zake ni zipi?

Kovu linalouma likibonyezwa kwa wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Kidole kukakamaa hutokea zaidi kwa aliyeogopa kukitingisha. Usaha, kuumia kwa mshipa wa fahamu na tatizo kurudi ni machache. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawagandi tena.

Baada ya upasuaji nitaishije?

Siku mbili tatu za mwanzo mkono ukae juu ya usawa wa moyo, hata ukilala uweke juu ya mto. Vidole vyote vitembezwe tangu siku ya kwanza: kunja, nyoosha, mara 10 kila saa ukiwa macho. Jeraha libaki kavu mpaka nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi ya 14. Kula kwa mkono wa kulia kutakusumbua. Tumia kijiko siku hizo, tonge la ugali litasubiri.

Wengi huniuliza kuhusu udhu na sijida. Kitabibu, maji yasiingie kwenye bandeji, na kiganja kisibebe uzito wa mwili mpaka jeraha lifunge. Namna ya kutawadha juu ya bandeji muulize sheikh wako, ina hukumu yake inayojulikana. Kazi nyepesi ni ndani ya siku chache, pikipiki ni pale utakapoweza kubana breki kwa nguvu bila kusita, na kukuna nazi au kuvuta nyavu ni baada ya wiki 4 hadi 6. Uvimbe mdogo unaweza kukaa miezi 2 au 3.

Nipe mfano wa mtu aliyepitia yote.

Fundi cherehani wa Ngamiani, miaka 52, ana kisukari kwa miaka 8. Kidole cha pete cha mkono wa mkasi kiliganda miezi 4 kabla ya kuja. Alikuwa anakifungua kwa mkono wa pili kila alfajiri, na alishakichua kiungo cha kati mpaka ngozi ikang'aa. Nilipobonyeza kiganjani alivuta mkono.

Tulimpa banzi la kiungo cha shina kila usiku, na mkasi wake tukauzungushia mpira. Wiki ya 3 maumivu yalipungua. Wiki ya 6 bado alihitaji mkono wa pili asubuhi nne kati ya saba, maana alikuwa akihesabu kwa chaki ukutani kama nilivyomwomba. Akachomwa sindano. Sukari yake ya asubuhi, ambayo ilikuwa 8, ilifika 14 siku ya pili na kurudi 9 siku ya sita. Kuganda kuliisha wiki ya 3.

Miezi 7 baadaye msimu wa sare za shule ulimrudisha: kidole kilekile, na sasa kinabaki kimekunjika kidogo, hakinyooki chote. Hapo sikushauri sindano ya pili, kwa kuwa kiungo cha kati kilikuwa kimeanza kukaza. Daktari alitaka kipimo cha sukari ya miezi 3. Kilikuwa juu ya asilimia 9. Walisubiri wiki 8, dawa zikarekebishwa, kikashuka chini ya 8, wakampasua. Mezani kidole kilikunjuka bila kugota, ila hakikunyooka kikamilifu. Mkunjo huo mdogo uliobaki ulimgharimu miezi miwili ya banzi la usiku na mazoezi. Angekuja mwezi wa kwanza kilipoanza kujikunja, sehemu hiyo asingeipitia.

HALI ZA PEKEE

Vidole vitatu vinaganda kwa pamoja. Vyote vitibiwe mara moja?

Banzi kwa vyote usiku linawezekana. Sindano tunaanza na vile vinavyosumbua zaidi, hasa kwa mwenye kisukari, ili dozi isijumlishwe. Na pima sukari kama hujui ilipo.

Vidole vinakufa ganzi usiku pia. Ni ugonjwa huohuo?

Ni jirani yake. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati usiku ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, na mara nyingi watu hao wanakuwa na yote mawili. Mwambie daktari, kwa sababu banzi lake ni la kifundo cha mkono.

Nina baridi yabisi ya viungo vingi. Kuna tofauti gani?

Hii ndiyo tofauti niliyoiahidi. Kwako tatizo ni ngozi laini ya ndani ya ala iliyovimba, na kukata kapi kunaweza kuviacha vidole vivutike upande wa kidole cha mwisho. Mpasuaji huondoa uvimbe huo, pengine na sehemu ndogo ya kano, akaliacha kapi. Kwa hiyo mwambie kabla hajakushika.

Mjukuu wangu wa miaka 2 gumba lake halinyooki. Aliumia?

Kwa kawaida hakuumia, wala hakuna aliyemkosea kwa kumvuta mkono. Watoto huonekana na gumba lililokunjika kwenye kiungo cha mbele, bila maumivu, na kivimbe kwenye shina lake, wengi kati ya mwaka 1 na 3. Sindano hawachomwi. Baadhi hunyooka wenyewe kwa kungojewa, huku mzazi akilinyoosha kwa upole mara kadhaa kwa siku. Likibaki limekunjika baada ya kungojewa, hupasuliwa kwa usingizi wa dawa, na hupona vizuri. Mpeleke aonwe ili kuthibitisha ni hilo, na usimfunge kijiti nyumbani. Ngozi ya mtoto inachubuka kabla hajajua kusema panauma.